Cheti cha polisi kina tarehe, na tarehe ndiyo inayoangaliwa

Katika nyumba nyingi za Rubavu kuna bahasha moja inayotunzwa kuliko nyingine zote. Ndani yake mna kitambulisho, pasipoti au lesepase ya CEPGL, vyeti vya watoto, na mara nyingi cheti kile kinachoonyesha kwamba mwenye jina hana hukumu ya jinai. Kimewekwa kwenye nailoni kisilowe. Mwenyewe anaamini kwamba siku ya viza ikifika, kazi hiyo imekwisha. Siku hiyo ikifika, ofisa wa viza anasoma tarehe, anakirudisha, na mtu anarudi nyumbani akisema ameonewa.

Hakuonewa. Cheti hicho si kitambulisho wala diploma. Ni jibu la swali moja lililoulizwa siku moja: je, leo katika daftari letu kuna hukumu kwa jina hili? Daftari lilijibu siku hiyo, na kuanzia kesho yake cheti hakina habari yoyote. Mtu anaweza kupewa cheti Jumatatu na kuhukumiwa Ijumaa, na karatasi ikabaki safi kama ilivyokuwa. Ofisi ya viza inajua hilo, ndiyo maana haihesabu uzuri wa muhuri bali umri wa jibu.

Kwanza ieleweke cheti kinatoka wapi, kwa kuwa jina la “cheti cha polisi” linapotosha. Nchini Rwanda si polisi wanaokitoa. Kinatolewa na Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka ya Umma, NPPA, na ombi linapitia Irembo kwa namba ya kitambulisho. Kenya kinatolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Mwombaji analipa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, kisha anapigwa alama za vidole kwenye fomu ya C24. Uganda kinatoka kitengo cha Interpol cha Polisi ya Uganda, nako alama za vidole ndizo msingi. Upande wa Kongo watu husema kasie, yaani dondoo la rekodi ya jinai, na hiyo ni kazi ya vyombo vya sheria. Wengi huichanganya na hati ya mwenendo mwema inayotolewa na komine. Hati ya komine inasema kwamba mtu anafahamika mtaani na hajaleta vurugu, lakini hakuna aliyefungua daftari la mahakama ili kuiandika. Ofisi ya viza inayotaka kasie haitaipokea badala yake, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Kila daftari linajua mambo ya nchi yake tu. Cheti cha Kigali hakijui kilichotokea Goma, na cha Kampala hakijui kilichotokea Kisumu. Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapotofautiana na mkulima wa Nyabihu ambaye hajawahi kulala nje ya nchi. Mkulima anahitaji karatasi moja. Mfanyabiashara aliyezunguka maziwa haya akitafuta bidhaa anaweza kuhitaji tatu au nne, na kila moja ina saa yake inayotembea.

Kuvuka tu hakuhitaji cheti hiki. Mama anayebeba nyanya au sambaza kupitia Petite Barrière asubuhi na kurudi kabla ya jioni anaonyesha hati yake ya kuvukia, na hakuna anayemuuliza rekodi ya jinai. Swali linaanza pale mtu anapotaka kibali cha kuishi au kufanya kazi katika nchi nyingine, na hasa anapomfuata mume, mke au mtoto aliyehamia ng’ambo. Na swali la kwanza la fomu huwa ni hili: uliishi wapi?

Achukuliwe mfano wa mwanamke wa miaka 34, muuza vitenge wa Rubavu, ambaye mume wake yuko Kanada na anamwombea ukaazi. Mfano huu umetungwa, ila wapo wengi wanaofanana naye. Aliishi Kampala kuanzia Juni 2016 hadi Januari 2019, akipanga chumba na kununua mzigo Kikuubo. Akarudi Rubavu. Kuanzia Agosti 2022 hadi Mei 2023 alipanga chumba Birere, Goma, akalala huko miezi tisa mfululizo. Kisha akarudi tena, na tangu hapo anavuka asubuhi na kulala kwake. Anataka kupeleka maombi Septemba 2025. Katika bahasha yake ana cheti cha Rwanda cha mwaka 2023 alichokitafuta kwa ajili ya zabuni, na cheti cha Uganda cha Oktoba 2018. Kwa macho yake amekamilika, na kilichobaki ni picha tu.

Kanada inataka cheti cha kila nchi ambayo mwombaji ameishi miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza miaka 18. Kwa nchi anayoishi sasa, cheti kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha maombi. Kwa nchi alizoziacha, kiwe kimetolewa baada ya mara ya mwisho alipoishi huko. Kanuni ni hizo mbili tu, na kila moja inaangusha karatasi moja ya mama huyu.

Cheti cha Rwanda cha 2023 kimezeeka, hilo ni rahisi kuliona. Cha Uganda ndicho kinachowashangaza watu. Hakikatazwi kwa sababu ni cha 2018. Kinakatazwa kwa sababu kilitolewa Oktoba, naye aliondoka Januari. Kuna miezi mitatu ya maisha yake Kampala ambayo daftari halikuulizwa. Kama angekichukua Februari 2019, siku chache baada ya kuondoka, na asirudi tena kuishi huko, Kanada ingekipokea hata leo. Tofauti ya miezi minne kwenye tarehe ndiyo inayomrudisha Kampala kupigwa alama za vidole upya. Kwa hiyo cheti cha zamani kinaweza kuwa kizuri na cha karibu kikawa kibaya. Wanaouza ushauri wa viza kwenye vibanda vya mitaani, wakiwaambia watu “kiwe kipya tu,” wanawapotosha kwa nusu ya ukweli.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa kuomba una maana kuliko haraka ya kuomba. Mama huyu aanze na nchi alizoziacha, ambako kazi ni nzito na cheti hakitazeeka mikononi mwake. Tuseme anapata cha Uganda tarehe 14 Mei 2025. Cha Rwanda, ambacho anakiombea Irembo bila kuondoka Rubavu, akiache hadi mwisho, tuseme tarehe 20 Agosti. Maombi yakienda Septemba, vyote viwili viko sawa. Watu wengi hufanya kinyume: wanaanza na cha nyumbani kwa kuwa ni rahisi. Wanakipata Februari, wanahangaika na cha Kampala miezi sita, na siku ya kutuma cha nyumbani kimepita muda. Faili lenye upungufu halisubiri mezani. Kanada hulirudisha lote, na foleni inaanza upya.

Kuna muda wa aina mbili, na watu huuchanganya. Ofisi inayotoa cheti inaweza kuandika kwamba kinatumika kwa miezi kadhaa. Ofisi inayokipokea ina hesabu yake. Niuzilandi inataka kisizidi miezi 6 siku ya kuwasilisha maombi. Australia inakikubali kwa miezi 12 tangu kilipotolewa. Marekani, kwa viza za uhamiaji, inakipa miaka 2. Anayeamua ni mpokeaji, kwa hiyo hakuna faida ya kubishana dirishani kwamba karatasi yenyewe inasema bado iko hai, wala ya kukata tamaa kwa sababu muda ulioandikwa na mtoaji umepita. Na hata baada ya kupokea, ofisa anaweza kuomba kingine ikiwa faili limekaa muda mrefu. Hilo nalo si dalili ya kushukiwa.

Hiyo kanuni ya Marekani ina mtego kwa watu wa mpakani hasa. Inasema cheti kinaisha baada ya miaka 2, isipokuwa kama kilitolewa na nchi uliyoishi zamani na hujarudi huko tangu kilipotolewa. Kwa mtu wa kawaida ni nafuu kubwa. Kwa muuza vitenge anayepanda basi kwenda Kampala kila baada ya miezi miwili, ni nafuu inayoyeyuka. Kanada inauliza kama amerudi kuishi. Marekani inauliza kama amerudi. Safari ya siku mbili ya kununua mzigo haimfanyi kuwa mkaazi wa Uganda, lakini imemrudisha Uganda, na pasipoti inaonyesha. Basi kwa Marekani asitegemee kwamba cheti chake cha nchi aliyoiacha hakina mwisho. Akihesabie miaka miwili kama vingine.

Neno “kuishi” ndilo linalowatesa wengi Rubavu. Mtu mwenye mihuri mia tatu ya kuingia Kongo, je, aliishi Kongo? Jibu linategemea alilala wapi na makazi yake yalikuwa wapi. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni anaishi Rubavu, hata akiwa na meza sokoni Goma na wateja wanaomwita kwa jina. Lakini ofisa aliyeko mbali haijui Petite Barrière. Anaona mihuri tu. Kwa mtu wa namna hiyo ni busara kuweka barua fupi inayoeleza biashara ya kila siku ya mpakani, pamoja na uthibitisho wa makazi kutoka akagari na, kama upo, mkataba wa nyumba au leseni ya biashara. Aliyepanga Birere miezi tisa hana nafasi ya kujificha nyuma ya barua hiyo. Aliishi Goma, na fomu lazima iseme hivyo.

Na hapa mama wa mfano anakutana na ukuta. Goma ilitwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na ofisi za Serikali ya Kinshasa ziliondoka mjini. Karatasi inayotolewa na utawala ulioko sasa haitambuliwi na Kinshasa, na ofisa wa viza wa nchi inayoitambua Kinshasa atauliza ni mamlaka gani iliyoifungua rekodi. Kwa hali kama hii Kanada inaruhusu mwombaji aeleze kwa maandishi kwa nini hakuweza kupata cheti, akionyesha kwamba alijaribu. Neno zito hapo ni kujaribu. “Kuna vita” peke yake ni maelezo dhaifu. Barua iliyoandikwa kwa wizara ya sheria Kinshasa, risiti ya kuituma, jibu lililokuja au tarehe zilizopita bila jibu, hivyo ndivyo vinavyobeba maelezo. Uamuzi unabaki wa ofisa, lakini faili halina pengo lililonyamaziwa.

Wapo wanaoshauri njia ya mkato: usitaje Goma kabisa, nani atajua? Ushauri huo ni hatari kuliko cheti kilichozeeka. Cheti kibovu kinarudishwa na mtu anatafuta kingine. Uongo kwenye fomu, Kanada ikiugundua, unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 5. Na katika mji ambako shangazi, mpangaji mwenza na mhudumu wa simu wote wanajua ulikolala, siri ya miezi tisa si siri.

Kishawishi hicho hicho kiko kwenye suala la makosa yaliyopita. Cheti kinajibu kuhusu hukumu. Fomu ya viza mara nyingi inauliza zaidi: je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kuhukumiwa, katika nchi yoyote? Mfanyabiashara aliyewahi kulala rumande usiku mmoja kwa sababu ya magendo, kesi ikafutwa, anaweza kupata cheti safi kabisa. Halafu anaandika “hapana” kwenye fomu kwa kuwa cheti ni safi, na hapo ndipo anapokosea. Faini ya forodha aliyoilipa ofisini na kupewa risiti ni jambo jingine, si hukumu ya mahakama. Lakini kukamatwa ni kukamatwa, na kueleza kwa mistari miwili pamoja na karatasi ya kufutwa kwa kesi hugharimu kidogo sana. Vivyo hivyo deni la kikoba, ugomvi wa ardhi au talaka havitaonekana kwenye cheti, na hakuna sababu ya kuviogopa.

Jambo la majina lisipuuzwe. Rekodi inatafutwa kwa jina na namba iliyotolewa, basi cheti kinasafisha utambulisho huo tu. Mpakani kuna watu ambao jina lao liko kwa tahajia moja kwenye kitambulisho cha Rwanda, nyingine kwenye pasipoti, na ya tatu kwenye kadi ya mpiga kura ya Kongo, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika kama kitambulisho huko. Cheti kikisema jina moja na pasipoti jingine, ofisa hana namna ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Tofauti irekebishwe kabla ya kuomba cheti. Baada ya hapo itakuwa kuomba upya. Na fomu inapouliza majina mengine yaliyowahi kutumika, yaandikwe yote.

Hadi hapa lawama zote zimeangukia kwa mwombaji, na si haki ziishie kwake. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi Julai 2010, na Kongo ikaingia katika Jumuiya mwaka 2022. Mtu wa Rubavu aliambiwa aende akauze, akodi, aishi na kufanya kazi. Akafanya hivyo. Sasa anapotakiwa kuthibitisha kwamba kote alikopita hakuvunja sheria, kila nchi inamrudisha kwenye dirisha lake, na hakuna inayomsaidia kuuliza daftari la jirani. Alama zake za vidole zilichukuliwa alipopata kitambulisho, lakini akihitaji cheti cha Kampala mara nyingi ni kupanda basi, kulala njiani na kupigwa alama zilezile tena, halafu kusubiri. Kwa mwenye mtaji wa meza moja sokoni, safari hiyo inakula faida ya mwezi.

Wakuu wa Jumuiya hawana uwezo wa kuiamuru Ottawa au Washington ibadili miezi yake, na hawapaswi kuwaahidi watu hivyo. Lakini mambo mawili yako mikononi mwao. La kwanza, cheti cha kila nchi mwanachama kiandike wazi daftari gani lilifunguliwa na kipindi gani kilichoangaliwa, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, ili mama aone mwenyewe kwamba miezi mitatu ya mwisho ya Kampala haimo kabla ofisa hajamwambia. La pili, raia wa nchi mwanachama aweze kupigwa alama za vidole kwenye ofisi ya nchi yake, na ofisi hiyo ndiyo izitume kwa jirani. Rubavu, ambako makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kabla ya korona, panafaa kuwa mahali pa kwanza pa kujaribu, kwa kuanza na Uganda, ambayo daftari lake linafunguka leo, huku la Goma likisubiri.